Mwalimu wa Mbuzi Aliyepotea

Aliwaogopa mbuzi. Hilo ningependa lijulikane mwanzo kabisa, kwa sababu kuanzia Munje hadi Msambweni mjini alijulikana kwa mbuzi kuliko kwa jina lake. Watoto walipomwona njiani walimlilia "mee" kabla ya shikamoo, naye aliwaitikia marahaba kwa uso mkavu, kana kwamba hakusikia la kwanza. Lakini mbuzi mwenyewe, mwenye pembe na harufu, alimfanya avuke barabara. Mmoja aliwahi kuingia darasani mchana wa jua kali akala chati ya irabu, na mwalimu alipanda juu ya kiti akabaki huko mpaka mtoto wa chekechea, wa kimo cha mbuzi yule yule, alipomtoa mnyama kwa kumvuta sikio.

"Mwalimu, huyu si yule wako?" mtoto aliuliza.

"Wangu amepotea," akasema kutoka juu ya kiti. "Na wala simtafuti leo."

Mimi nilimjua kwa sababu ya rangi. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja nikamaliza mwaka bila miguu kuniwasha. Nimeuza mabuyu, nimefua mashuka ya hoteli Diani, nimechunga ng'ombe wa watu kule Kikoneni, nimechora vibao vya vinyozi Ukunda. Mtu aliyeona kinyozi wangu mmoja ukutani ndiye aliyemwambia mwalimu kwamba yuko kijana anayezurura na makopo ya rangi, na akimkuta hajaondoka, atamchorea kuta.

Darasa lake lilikuwa chumba kimoja cha matofali ya matumbawe, paa la mabati, mlango mmoja na dirisha dogo lenye nondo. Joto la mle ndani lilikuwa la kukaa nalo, si la kulizoea. Alitaka hadithi yake ichorwe kuta zote, picha kwa picha, kuanzia mlangoni na kuzunguka mpaka mlangoni tena. Nilifikiri ni kazi ya siku chache. Nilikaa mpaka mvua za vuli zilipoisha, kwa sababu kila nilipouliza "kwa nini hivi?" alikuwa na jibu, na mimi mtu akiwa na jibu sibanduki.

Hadithi yenyewe ilikuwa hii. Sijawahi kuisahau, na hakuna aliyepita chumba kile aliyeisahau.

Mbuzi wangu amepotea.

Nikaenda kisimani. Mbuzi wangu yupo kisimani? Hapana. Kisimani kuna ndoo.

Nikaenda shambani. Mbuzi wangu yupo shambani? Hapana. Shambani kuna mihogo.

Nikaenda sokoni. Mbuzi wangu yupo sokoni? Hapana. Sokoni kuna samaki.

Nikaenda pwani. Mbuzi wangu yupo pwani? Hapana. Pwani kuna kaa.

Nikarudi nyumbani. Mbuzi wangu yupo jikoni? Hapana. Jikoni kuna chungu.

Nikatazama chini ya kitanda. Mbuzi wangu yupo chini ya kitanda? Ndiyo. Chini ya kitanda kuna mbuzi. Na mbuzi anakula leso ya bibi.

Basi. Nilipoisikia mara ya kwanza nilimwambia kwa adabu kwamba ni nzuri ila inarudiarudia. Alinitazama kama fundi anavyomtazama mtu aliyesema nyumba ni nzuri ila ina nguzo.

Akanieleza huku akisuka ukili wa mkeka, maana mikono yake haikukaa bure. Alisema mtoto mdogo akisikia sentensi mpya kila mara, anahangaika na kila neno, na akichoka anatazama dirishani. Lakini sentensi ikirudi ile ile, mara ya kwanza anaisikiliza, mara ya pili anaitambua, mara ya tatu anaingojea, na mara ya nne anaisema kabla yako. Hapo hadithi si yako tena, ni yake. Kwa hiyo katika kila picha ni vitu viwili tu vinavyobadilika, mahali na kitu kilichopo pale. Mengine yote ni njia ile ile ambayo mguu umeshaizoea, na mtoto anabakiwa na nguvu zake zote kwa ajili ya lile neno jipya.

"Na neno jipya atalijuaje?" niliuliza.

"Ndiyo kazi yako wewe," akasema. "Ukichora ndoo, iwe ndoo. Mtoto asione ndoo akasema sufuria. Picha inamnong'oneza neno, wala haimwekei mtihani."

Nilichora kisima chenye ndoo, mnazi, ndege wawili na mama aliyefunga leso nzuri sana. Aliitazama, akaisifia ile leso, kisha akanipa chokaa nifute ndege, mama na mnazi. Katika soko nilitaka kuonyesha ufundi wangu, nikaweka kwa mkaa pembe mbili zikichungulia nyuma ya meza ya samaki, nikidhani watoto watacheka. Hakunikatalia. Alisema tuwajaribu. Walipofika pale, kabla hajauliza swali, mmoja alipiga kelele kwamba mbuzi huyo hapo, na wengine wote wakasimama juu ya mkeka, na pwani, jikoni na kitanda vikawa havina maana. Mwalimu alilowesha ncha ya leso yake, akazifuta pembe zangu mwenyewe.

"'Hapana' yao lazima iwe ya kweli," akasema. "Wakisema hapana na mbuzi yupo, kesho hawataniamini."

Idadi ya mahali aliijaribu pia, miaka kabla yangu. Kulikuwa na wakati mbuzi alitafutwa mahali pawili tu, na watoto walikuwa hawajaushika mwendo alipopatikana, wakashangaa kwamba imekwisha. Kisha akaongeza mpaka wadogo wakaanza kusinzia njiani. Alibaki na mahali patano na kitanda. Mahali penyewe alipachagua kwa kutembea nyuma ya watoto walipokuwa wanakwenda kwao, akaona wanapita wapi. Nao mwendo unavunjika mara moja tu, mwishoni, ile "hapana" inapogeuka "ndiyo." Alisema ukiuvunja mapema unawafundisha kutokutegemea. Usipouvunja kabisa unawafundisha kutokusikiliza.

Kila wiki hadithi ilikuwa ile ile na kazi ilikuwa nyingine. Kwanza yeye alisema yote nao wakatazama. Halafu wao wakachukua "hapana." Halafu swali lote likawa lao. Halafu akagawa darasa, upande huu unauliza na ule unajibu. Baadaye kijiti chake kikaanza kutembea chini ya maandishi niliyoyaandika kwa herufi kubwa, polepole, neno kwa neno, na watoto waliokuwa wanaimba tu wakaanza kugundua kwamba ile alama ndiyo ile sauti. Mwisho alileta vipande vya katoni vyenye maneno, akafunika "kisimani" kwa "msikitini," na hapo kila mmoja akataka mbuzi atafutwe kwao. Nilishuhudia mbuzi akitafutwa hospitalini, kwenye tangi la maji la hoteli, na ndani ya viatu vya babu mmoja aliyejulikana kwa miguu mikubwa.

Lakini lile lililonishika kuliko yote lilikuwa pengo.

Alipofika kwenye neno linalobadilika, alinyamaza. "Shambani kuna..." na kimya. Hakuinua nyusi, hakuelekeza kidole, hakuanza silabi ya kwanza kama walimu wengine niliowaona. Alisuka ukili. Unyuzi juu, unyuzi chini. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kike aliyeletwa kutoka bara ya Kikoneni kukaa na shangazi yake, na hakusema neno lolote darasani tangu alipofika. Wenzake walishamwita bubu. Zamu yake ilipofika mwalimu alisema, "Pwani kuna..." akasuka. Watoto walianza kujinyonganyonga. Mmoja akafungua mdomo amsaidie, na mwalimu akamtazama tu, mdomo ukafungwa. Mimi mwenyewe, niliyekuwa juu ya ngazi na brashi, nilitaka kuruka chini nikasema kaa, kaa, kaa, ili tupumue. Siku ile yule mtoto hakusema. Siku nyingine pia. Mwalimu hakumruka hata mara moja, wala hakumsemea. Na asubuhi moja mtoto akasema "kaa," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, na mwalimu akaendelea na sentensi inayofuata kama kawaida, ila niliona alikosea unyuzi.

Baadaye nilimwambia kwamba yale yalikuwa mateso.

"Kumsemea ndiko mateso," akasema. "Mtu ana neno lake mdomoni, wewe unamtia lako. Litatoka wapi lile lake? Usimsaidie mtu neno, ewe mtembezi. Mngoje."

Ndivyo alivyoniita, mtembezi, na hakuwa akinisifu wala kunisuta. Nilipotoka safari zangu na kupita kumjulia hali, kabla ya habari zote aliniambia nigeuze soli za viatu. Nilisimama kwa mguu mmoja mlangoni kama kuku, naye akasoma. Mchanga mweupe, basi nilikuwa Diani. Udongo mwekundu, nimetoka Kikoneni. Lami, basi nilikuwa Ukunda nikila fedha zangu. Kisha aliuliza kila kitu: watu wa huko wanaamkiana vipi, milango yao inatazama wapi, uji wao unatiwa nini. Nilijibu mpaka nikachoka, na mimi si mtu wa kuchoka kusema.

Yeye mwenyewe hakuwa amekwenda popote. Aliolewa kijiji kile kile, akafiwa kijiji kile kile, akafundisha chumba kile. Mara mbili alipangiwa safari ya kwenda kumwona bintiye Mombasa, na mara zote mbili akapatikana mtoto wa kuachiwa au maiti wa kuzikwa. Hata hivyo viatu vyake vya ngozi, vya mikanda miwili, alivipeleka kwa fundi kila vilipolegea, akadai vishonwe kwa uzi mnene wa safari. Fundi alimuuliza safari gani, Mwalimu, nyumbani na darasani? Akamjibu ashone.

Siku moja ya mvua, watoto wameshakwenda, nilimkuta amesimama katikati ya darasa akizitazama kuta zangu. Akaniambia kwamba nilikuwa nimemjengea zizi. Nikacheka. Hakucheka.

"Kila mwaka naanza mlangoni, nazunguka, namaliza mlangoni," akasema. "Nazunguka kama mbuzi wa kamba. Ukimfunga kigingi anakula duara lake, likiisha analala."

Nikamwambia abadilishe hadithi. Akaniambia alishajaribu. Bomba la maji lilipoletwa kijijini na kisima kikafunikwa, alisema siku moja, "Nikaenda bombani," na darasa zima likamgeukia. Walimrudisha kisimani kwa nguvu, watoto ambao hawakuwahi kukiona kisima chenyewe. Wakati mwingine alitaka mbuzi avuke feri ya Likoni, apotee kwelikweli. Mtoto mmoja alianza kulia, na ikabidi mbuzi arudi chini ya kitanda kabla ya saa ya uji. Kubadilisha mahali walimruhusu, mradi wao ndio waliochagua. Mwisho hawakumruhusu kamwe.

"Wananipenda," alisema, "kwa hiyo siwezi kutoka."

Mengine aliyokuwa nayo ni madogo. Alidanganya kwenye karata. Alifunga Jumatatu na Alhamisi na akawa mkali siku hizo, halafu Ijumaa akaomba radhi kwa wote kwa pamoja, bila kutaja kosa. Hakuvumilia mtu anayemalizia sentensi ya mwenzake. Mwanawe, dereva wa tuktuk mwenye moyo wa dhahabu na haraka ya kuzaliwa nayo, hakuwahi kumaliza siku bila kuambiwa, "Nimalizie na chai yangu basi."

Nilikwenda zangu Tanga, nikarudi, nikaenda Voi, nikakaa. Niliporudi pwani, fundi viatu pale Msambweni ndiye aliyeniambia kwamba mwalimu alipigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia haikuwa yake tena, na maneno yalikuwa yamekwenda. Mwanawe alikuwa amemchukua nyumbani kwake Bongwe.

Nilikwenda mchana. Nyumba ilikuwa ya mawe, yenye ukuta na geti la chuma. Mkewe yule mwana alinifungulia. Ni mwanamke wa bara, mchangamfu, anafanya kazi ya kufua hotelini, na tulikumbukana kwa mashuka. Ndani, karibu na mlango wa chumba cha nyuma, niliona begi kubwa limefungwa zipu, na juu yake mto. Mwanawe akanieleza akiwa bado ameshika ufunguo wa tuktuk. Kesho dada yake anakuja kumchukua mama, ampeleke kwake Mombasa, ghorofa ya juu, ambako kuna mfanyakazi wa kumkalia. Huku kila mtu anatoka kwenda kibaruani. Mama hajui tena yuko wapi, akasema, kwa hiyo kwake ni sawa tu.

"Hajui kivipi?" niliuliza.

"Ni hadithi tu," akasema. "Kutwa ile hadithi ya mbuzi. Ukimuuliza una njaa, hapana. Umeshiba, hapana. Ukimwacha, anaanza: mbuzi wangu amepotea. Amerudi utotoni, ndugu yangu."

Mkewe akasema watu wamekuja wengi sana kumwona, waliosoma kwake, watu wazima na ndevu zao. Wote wakimsikia anaanza, wanaitikia. Chumba kinajaa, wanaimba kisima, wanaimba shamba, na wakifika mwisho wanasema wote kwa pamoja, mbuzi! Halafu mwalimu analia. Nao wanatoka wakipangusa macho, wakisema amefurahi.

"Sisi tulidhani labda anamtaka mbuzi mwenyewe," mkewe akaongeza. "Jirani akaniambia nimpikie supu. Aliigusa na kijiko, akanitazama vile mwalimu wa zamani anakutazama ukikosa hesabu. Nikairudisha jikoni."

Chumba kilikuwa safi na kilikuwa kimefungwa. Dirisha lilikuwa juu, mtu aliyelala haoni ila kipande cha ukuta wa jirani. Feni ilizunguka. Alikuwa amekaa amewekewa mito, leso imefungwa vizuri, mdomo umevutwa upande mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya shuka, na vidole vilikuwa vinakwenda, juu, chini, bila ukili.

Nikasema shikamoo. Akanitazama usoni, halafu macho yakashuka mpaka miguuni kwangu. Nilikuwa nimeacha viatu mlangoni kama inavyopasa. Nikarudi nikavichukua, nikaketi kwenye kigoda, nikageuza soli. Udongo wa Voi bado ulikuwamo kwenye mifereji. Alivitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi.

"Mbuzi wangu amepotea," akasema.

Maneno yalitoka mazima, laini, kama hakuna kilichovunjika. Mwanawe, aliyesimama mlangoni, akanipa ishara kwa kichwa: unaona?

Mimi sikuwahi kuketi mkekani kwake. Sikusoma kwake, nilikuwa juu ya ngazi. Sikujua la kumfanyia, na maneno mengine ya kumwambia mgonjwa sina, kwa hiyo nilifanya lile aliloniona nikilifanya miaka ile, nilisimama upande wa maswali.

"Nikaenda kisimani," nikasema. "Mbuzi wangu yupo kisimani?"

"Hapana," akasema. "Kisimani kuna ndoo."

"Nikaenda shambani. Mbuzi wangu yupo shambani?"

"Hapana. Shambani kuna mihogo."

Tukaenda sokoni, tukaenda pwani. Sauti yake ilikuwa ya kuchoka, ya mtu anayetembea njia aliyoipita mno. Jikoni mkewe yule mwana alicheka kidogo, kwa sababu chungu kilikuwa kinatokota kweli upande wa pili wa ukuta. Kisha nikasema, "Nikatazama chini ya kitanda. Mbuzi wangu yupo chini ya kitanda?"

Akashika shuka. "Ndiyo."

Hapo sauti haikuwa ya kuchoka.

"Chini ya kitanda kuna..." akasema. Akakwama.

Mwanawe alikwishavuta pumzi. Ninaujua ule upole wake, ulikuwa upole wa wote waliopita chumba kile. Neno analijua, mama amekwama, kwa nini ateseke? Mdomo wake ulikuwa tayari umefungwa kwa ajili ya herufi ya kwanza. Niliinua mkono. Sikumtazama, niliinua tu, naye akanyamaza, zaidi kwa mshangao.

Hatukuwa na ukili chumbani. Nilitazama vidole vyake. Juu, chini. Mdomo wake ulijaribu kitu, ukakiacha, ukajaribu kingine. Mshipa ukamsimama shingoni. Mkewe yule mwana alikuja akasimama nyuma ya mumewe na mwiko mkononi, na niliona anataka kusema mwacheni mzee wa watu apumzike. Mimi pia nilitaka. Neno "mbuzi" lilinijaa kinywani kama ugali wa moto. Lingetuokoa sote. Tungepiga makofi, angelia, tungesema amefurahi, na kesho angepandishwa ghorofani.

Nikangoja.

"Vi," akasema. Akafumba macho. Akarudi nyuma, akaichukua sentensi tangu mwanzo, kama mtu anayerudi hatua chache ili aruke mtaro. "Chini ya kitanda kuna vi... viatu."

Kisha mwanawe akasema polepole, "Si 'mbuzi,' mama?"

"Hapana," akasema mwalimu, na ile ilikuwa hapana ya kweli.

Nilipiga magoti nikainamisha kichwa sakafuni. Kulikuwa na vumbi kidogo, ndoo ya kuogea, na mbali kabisa, vimesukumwa mpaka ukutani, viatu vya ngozi vya mikanda miwili, vyenye uzi mnene wa safari.

"Mimi ndiye nilivisukuma huko," mkewe yule mwana akasema, sauti imemshuka. Alieleza kwamba wiki ya kwanza mama alivivuta kwa mguu mzima, akavaa kimoja, akajaribu kwenda mlangoni peke yake, akaanguka. Nyumba ilikuwa haina mtu. "Nikaona nimfichie tu, ndiyo asijaribu tena. Na mlango nikawa nafunga. Nilikuwa naogopa, mama. Haki ya Mungu nilikuwa naogopa."

Kumbe kila siku, tangu siku hiyo, alikuwa akiwaambia. Alikuwa amebakiwa na njia moja tu isiyobomoka, akaipita yote, kisima, shamba, soko, pwani, jiko, ili afike mahali penye pengo, aweke neno lake. Na kila alipofika, watu wanaompenda walikuwa wameshalijaza.

Mwanawe aliketi kitandani. Alimshika mama mguu, akaupangusa vumbi ambalo halikuwapo. Alimvika kiatu cha kushoto, halafu kile cha kulia, ambacho kilikuwa kigumu kwa sababu mguu haukusaidia, na kwa mara ya kwanza nikamwona akifanya jambo bila haraka. Simu yake ikaita. Ilikuwa ni dada yake, na nilimsikia akisema kwamba kesho asije na gari, aje tu mwenyewe. Mama hajapotea. Halafu akasikiliza, akasema, "Sijui anataka kwenda wapi. Bado hajasema. Tunamngoja."

Tulimwinua, mimi upande huu na mwanawe upande ule. Alikuwa mwepesi kuliko mkeka. Mkewe yule mwana alitangulia akaufungua mlango wa chumba, akaufungua wa sebule, akatoka nje akaliburuta geti la chuma mpaka likagonga ukuta. Mwanga uliingia hadi kwenye lile begi.

Mwalimu alitazama viatu vyake. Kisha akatazama mbele.

"Nikaenda..." akasema, akasimama.

Mahali pote nilipowahi kufika palinijia ulimini, Tanga, Voi, Kikoneni, Diani, barabara zote na rangi za udongo wake. Nilizimeza. Mwanawe alikuwa amekaza midomo kama mtoto aliyetazamwa na mwalimu. Nje, mkewe alikuwa ameshika geti kwa mikono miwili lisirudi.

Tukasimama hivyo, tukiwa na uzito wake mikononi, na hakuna aliyemsaidia neno.